UZI: BOQ na spesifikesheni ni za Kiingereza, fomeni anataka Kiswahili. Nyie mnamwelezaje?

Kadiri_Kijana

Habari zenu wakuu. Niko saiti mkoani Morogoro, madarasa mawili na ofisi ya walimu. Fomeni wetu ni mzee wa kazi, ukuta wake huhitaji kuupima mara mbili, lakini Kiingereza hasomi. Injinia wa kampuni anapita mara moja kwa wiki, kwa hiyo makaratasi yote nimeachiwa mimi, na mimi ndiyo kwanza nimetoka chuo.

Wiki ijayo tunamimina lenta. Ukurasa wenyewe wa BOQ, yaani orodha ya kazi na vipimo vyake vya kulipia, nikiyaacha maelezo marefu, uko hivi:

```
A   25/20      3 CM
B   Y12      213 KG
C   Y8       101 KG
D             30 SM
```

A ni zege, B na C ni nondo, D ni fomweki za ubavuni. Kwenye mchoro lenta ina milimita 200 kwa 250, urefu wote wa kuzunguka kuta ni mita 60, na imeandikwa `4Y12` na `Y8@200`.

Jana nimemsomea mstari kwa mstari kwa Kiswahili. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza: "Zege sentimita tatu ndiyo zege gani? Hizo kilo niagize nondo ngapi, wakati dukani nahesabu pisi? Na fomweki mita za mraba thelathini, ninunue mbao za eneo lote hilo?" Nikamwambia nitamjibu leo. Sasa leo ndiyo hii. Wenye uzoefu mnafanyaje?

Zege_Kali

Mkuu mbona rahisi. CM ni mita za ujazo, SM mita za mraba, mwambie hivyo yaishe. Nondo gawanya kilo kwa uzito wa pisi moja. Milimita 12 ina kilo 10.66 kwa pisi ya mita 12, kwa hiyo 213 gawa 10.66 unapata pisi 20. Ongeza asilimia 5 ya upotevu, pisi 21. Hiyo 25/20 ni simiti moja, mchanga mbili, kokoto nne kama kawaida. Mmemaliza.

Dada_Vipimo

Zege_Kali, CM na uzito wa pisi uko sahihi. Hayo mengine ndiyo yanayomaliza nondo saiti siku ya Ijumaa jioni wakati duka limefungwa.

Kadiri, tatizo lako halikuwa Kiswahili. Mzee amekuelewa vizuri kabisa, ila umempa karatasi ya malipo akaisoma kama orodha ya manunuzi. BOQ inapima kazi ikiwa imekwisha, imesimama mahali pake, bila upotevu. Zege ni lile lililojaa ndani ya fomweki, fomweki ni eneo linaloguswa na zege. Mbao zako ukizitumia kwenye lenta nusu, ukazibandua na kuzihamishia nusu nyingine, BOQ bado inalipa mita 30 za mraba, ingawa ulinunua mbao za 15. Kwa hiyo swali lake la tatu jibu ni hapana. Anunue za awamu moja, nyingine zirudiwe. Angalia tu juu ya milango na madirisha, maana pale lenta haikalii ukuta na chini panahitaji ubao na miti ya kuegemeza. Soma maelezo ya D uone kama wamesema ubavu peke yake au ubavu na chini.

Sasa nondo. Chukua 213 ugawe kwa 0.888, uzito wa mita moja ya milimita 12. Unapata mita 240. Nondo 4 mara mita 60 ni 240 hizohizo. Maana yake aliyepima amechukua urefu mtupu, maungio, pale nondo moja inapopandana na nyingine, hayamo. Mchoro wako unasema maungio yawe na urefu gani?

Kadiri_Kijana

Milimita 600.

Dada_Vipimo

Basi kila pisi ya mita 12 ukishaitoa maungio inakusogeza mita 11.4. Mita 60 gawa 11.4 ni 5.26, mara mistari minne ni pisi 21 na kipande. Hapo hujaweka kona wala madarasa yanapokutana na ofisi. Mimi ningemwandikia mzee pisi 23. Ni kilo 245, BOQ inasema 213. Asilimia 5 ya Zege_Kali ingekuachia kona moja haina nondo.

Ringi za kuzungushia hizo nondo nne, ndiyo ile `Y8@200`: mita 60 kila milimita 200 ni ringi 301 ukihesabu ya mwisho. Ringi moja, ukiacha milimita 25 za zege kila upande, ina umbo la 150 kwa 200, pamoja na mikia yake weka mita 0.85. Pisi moja ya milimita 8 inatoa ringi 14. Pisi 22.

Mwambie hivi na asiambiwe kilo kabisa: "Mzee, nondo za 12 ni pisi 23, za 8 ni pisi 22, ringi 301." Kilo ni za kwako na mlipaji.

Zege_Kali

Sawa dada, nakubali maungio sikuyaweka. Lakini huko kwetu maungio tunalipwa. Mradi wa mwisho yalikuwa kwenye mchoro, yakapimwa, yakaingia kwenye cheti cha malipo. Kwa hiyo hizo kilo 32 Kadiri azidai.

Dada_Vipimo

Inategemea kurasa za mwanzo wa kitabu, zile zinazotangulia bei ambazo watu wanaziruka. Nyingi ninazokutana nazo zinasema bei ya nondo imechukua kukata, kukunja, waya wa kufungia, biskuti za kuachanisha nondo na fomweki, na upotevu. Kuhusu maungio wengine wanasema yamo kwenye bei, wengine yatapimwa, wengine wamenyamaza. Kadiri, zako zinasemaje?

Kadiri_Kijana

Wameandika kukata, kukunja, waya, biskuti na upotevu. Maungio hawajataja.

Dada_Vipimo

Hapo ndipo watu wa kwetu wanagombana. Mimi ningeuliza kabla ya kuweka bei, sasa mkataba umeshasainiwa. Andikeni barua, lakini mzee asisubirishwe na barua hiyo, nondo anazihitaji hata kama hazilipwi.

Zege_Kali

Mimi nasema zipo kwenye mchoro, zinalipwa. Tutaonana kwenye cheti.

Mjengo254

Salamu kutoka Machakos. Hii mada imenigusa sana. Mimi najenga nyumba ya mama, QS, mkadiriaji wa majengo, alinipa BOQ nzuri kabisa, simiti mifuko kadhaa, lakini fundi amemaliza mifuko yote na slabu haijafika nusu. Nikimwuliza anasema BOQ ilikosea. Je, fundi analipwaje kwenu, kwa siku ama kwa futi? Nahisi ananiibia.

Kadiri_Kijana

Pole ndugu, ila hapa tunaongelea namna ya kumwelezea fomeni makaratasi.

Fundi_Mkongwe

Wanangu, hamjambo. Mimi ndiye huyo mnayemzungumzia. Si wa Morogoro, lakini nimekuwa fomeni tangu wengine hapa hamjazaliwa, na simu hii mjukuu ndiye ananisaidia kuandika.

Huyo wa Machakos msimfukuze. Swali lake na la kijana ni moja. Yeye hajui kama mifuko imeibwa, au zege limekorogwa kali kupita kiasi, au shimo lilichimbwa pana kuliko mchoro. Na kijana akimwambia fomeni "mita tatu za ujazo", fomeni naye hana cha kulinganisha mpaka mifuko iishe. Mimi injinia mmoja alinifanyia jambo la maana. Hakunisomea kitu. Aliniambia mfuko mmoja unatakiwa kujaza urefu gani wa lenta. Baada ya hapo nilikuwa natembea na futi, naangalia mifuko mitupu na naangalia zege limefika wapi. Sihitaji Kiingereza hapo.

Dada_Vipimo

Shikamoo mzee. Hapo umenipita, na hesabu yake inatoka vizuri sana kwa lenta hii.

Kwanza 25/20, kwa sababu Zege_Kali ameiita moja, mbili, nne. Si kipimo cha kuchanganyia. 25 ni nguvu ambayo mche wa zege unatakiwa kufika baada ya siku 28, 20 ni kokoto kubwa kuliko zote, milimita 20. Moja, mbili, nne kwa kawaida huchukuliwa kama daraja la 20. Kwa 25 watu wanatumia moja, moja na nusu, tatu, pale injinia anapokubali kupima kwa ujazo badala ya uzito. Kadiri, hakikisha spesifikesheni yako inaruhusu, maana nyingine zinadai mchanganyiko ujaribiwe maabara kwanza.

Kwa mchanganyiko huo mita moja ya ujazo inakula mifuko kama 8. Mita 3 ni mifuko 24. Mfuko mmoja basi unatoa mita za ujazo 0.125. Lenta yako ni 0.2 kwa 0.25, mita moja ya urefu ni 0.05. Gawanya: mfuko mmoja unajaza mita mbili na nusu za lenta.

Ukiona mfuko umefika mita tatu na ushee, mmekoroga moja, mbili, nne au hafifu zaidi. Ukiona haufiki mita mbili, ama zege linamwagika, ama fomweki zimetanuka, ama mfuko umeenda kwingine.

Mjengo254

Sasa hii ndiyo nilikuwa nataka. Slabu yangu naweza kupima hivyo?

Dada_Vipimo

Ndiyo. Pima unene kwanza, usiamini mchoro. Slabu ya milimita 150 ikimiminwa 180 imekula asilimia 20 zaidi na hakuna mwizi hapo.

Fundi_Mkongwe

Marahaba mwanangu. Niongeze la boksi. Makaratasi huwa yanasema boksi la kupimia, nasi tunatumia karai na koleo, kila mtu na mkono wake. Boksi la mfuko mmoja ni sentimita 30 kwa 30, kimo 39, lita 35. Likijaa mchanga vijana wawili wanalalamika, kufikia saa tano asubuhi limeachwa pembeni, karai zimerudi. Tengenezeni la nusu: 30 kwa 30, kimo 19 na nusu, mishikio pande mbili, mtu mmoja analibeba. Kwa moja, moja na nusu, tatu, kila mfuko mchanga maboksi matatu, kokoto maboksi sita. Hakuna nusu wala robo ya kukumbuka. Kata juu kwa ubao, lisijazwe kilima.

Mchanga ukiwa na unyevu unavimba, boksi linaonekana limejaa na mchanga ndani ni pungufu. Mimi naongeza kidogo kwa macho. Hilo sijui mtaliandikaje.

Kadiri_Kijana

Mzee asante sana, boksi la nusu naenda kulichonga kesho. Maji je? Spesifikesheni inasema uwiano wa maji na simiti usizidi 0.5.

Dada_Vipimo

Mfuko ni kilo 50, kwa hiyo maji lita 25 kwa mfuko, na maji yaliyomo kwenye mchanga yamo ndani ya hizo 25. Mpe ndoo ya lita 20 na galoni ya lita 5 yenye alama. Waanze na ndoo moja, galoni iongezwe kidogokidogo mpaka zege lifanye kazi, galoni ikiisha hakuna zaidi, na mchanga ukiwa na unyevu galoni isimalizwe. Akisema ni gumu kuingia kati ya ringi, jibu ni vaibreta, siyo maji.

Saiti_Na_Sheria

Mmejadili vipimo vizuri, lakini kwenye spesifikesheni sehemu hatari kwa fomeni ni zile zisizo na namba. Kila ukurasa kuna mahali wanasema kitu kifanyike kwa idhini ya mhandisi. Ukitafsiri hivyo tu, fomeni anasikia heshima, kama vile salamu kwa mkubwa. Anaendelea na kazi. Kumbe maana yake ni simama.

Mimi huwa napitia spesifikesheni nzima kwa ajili ya sehemu hizo tu, na kila ninapoikuta naandika kwa Kiswahili nani anakuja, anaangalia nini, na kazi gani haianzi mpaka ameweka saini. Kwa lenta zinabaki tatu. Nondo zikishafungwa, fomweki hazizibwi upande wa pili mpaka zimeangaliwa. Siku ya kumimina, mikisa haiwashwi mpaka vile vyuma vya kupimia miche ya zege viko saiti na mtu wa kuvijaza yupo. Na mbao za chini ya lenta juu ya milango hazibanduliwi kwa uamuzi wa fundi, hata kama anazihitaji chumba cha pili. Nilishaona saiti lenta imevunjwa nzima kwa sababu zege lilimiminwa bila mtu kuona nondo. Nondo zilikuwa sahihi, lakini nani atathibitisha?

Jingine ni pale wanapotaja aina ya bidhaa kisha wakasema au inayolingana nayo iliyokubaliwa. Mafundi wengi wanaambiwa "hii au nyingine kama hii". Neno la kukubaliwa linadondoka njiani, bidhaa inanunuliwa, inakataliwa, inakaa stoo. Mwambie: "Hii. Ukiikosa, nipigie kabla hujalipa."

Kadiri_Kijana

Hii ya kusimama sikuwa nimeiona hivyo. Nimerudi kwenye karatasi sasa hivi nimekuta nyingine: zege likishakorogwa liwe limemiminwa ndani ya dakika 30, na likianza kukaza lisirudishiwe maji. Tuna mikisa moja na ngazi ya mbao.

Fundi_Mkongwe

Dakika 30 fundi haangalii saa. Mwambie asikoroge mfuko mwingine mpaka uliopo umepanda juu. Na wakati wa chai mikisa inaoshwa, haiachwi na zege ndani.

Zege_Kali

Swali la kizushi: huyo fomeni mnampa BOQ yenye bei au mnazifuta? Kwetu bosi hataki fomeni aone bei hata moja.

Saiti_Na_Sheria

Futa. Akiona mita ya mraba ya plasta inalipwa kiasi gani, kesho mafundi wote wanataka nyongeza.

Fundi_Mkongwe

Mimi nabisha. Fomeni anayejua kwamba kumwagilia maji siku saba kumo ndani ya bei ya zege, hakulipwi peke yake, hatakubali vijana waache siku ya tatu wakidai hawajalipwa. Mkinificha bei, nitajuaje kipi kimeshalipwa? Mnatuamini na simiti, hamtuamini na karatasi.

Saiti_Na_Sheria

Mzee, hilo unaweza kuambiwa bila kuona bei.

Fundi_Mkongwe

Ningeambiwa na nani, injinia wa mara moja kwa wiki?

Dada_Vipimo

Mimi humpa kurasa zenye maelezo na vipimo, safu ya bei imefunikwa, kisha namweleza kilichomo ndani ya kila bei. Lakini najua wakurugenzi wanaokataa hata hilo.

Kadiri_Kijana

Nimekaa na mzee leo jioni. Sikumsomea BOQ. Nilimpa karatasi moja kwa mwandiko wa mkono: pisi 23 na 22, ringi 301, mifuko 24 na miwili ya akiba, boksi la nusu tatu na sita, maji ndoo na galoni, mfuko kwa mita mbili na nusu, na zile sehemu tatu za kusimama kwa wino mwekundu. Akaisoma, akauliza swali moja ambalo limenirudisha hapa.

Alisema: "Biskuti za ngapi?" Nikaangalia. Maelezo ya kwenye mchoro yanasema zege la kufunika nondo liwe milimita 25. Spesifikesheni, sehemu ya zege, inasema mihimili yote 30. Nimpe ipi?

Zege_Kali

Mchoro. Mchoro unashinda daima.

Saiti_Na_Sheria

Siyo daima. Kwenye mkataba kuna kipengele kinachopanga karatasi ipi inatangulia zikigongana, na mpangilio si mmoja kwa mikataba yote. Kitafute kwanza. Na hata ukikipata, andika barua kwa mhandisi mshauri, kwa sababu aliyeandika zote mbili ni upande wao.

Dada_Vipimo

Na jibu linabadilisha ringi. Ukiwa na 30 kila upande, ringi inakuwa 140 kwa 190 badala ya 150 kwa 200. Ukizikunja leo kwa 150 na jibu likaja 30, una ringi 301 za kukunjua. Mwambie mzee nondo za 12 aendelee kuzikata, hizo haziguswi na jibu. Za 8 zisikatwe, na biskuti zisimwagwe.

Fundi_Mkongwe

Huyo fomeni mwenzangu mnunulieni soda. Alipouliza biskuti alikuwa ameshaona meza ya kukunjia ringi.

Kadiri_Kijana

Barua imeenda asubuhi hii kwa barua pepe, nakala nimempelekea injinia wetu. Kipengele cha mpangilio nimekipata, kinaweka spesifikesheni juu ya michoro, lakini mshauri hajajibu. Mzee amekata za 12 tayari, meza ya ringi amegonga misumari upande mmoja tu. Nitawaambia wakijibu.